Kusoma Picha za Matumizi ya Betri: Programu Ipi Inakula Chaji, na Kuizuia Kutaokoa Kiasi Gani

Ukurasa wa matumizi ya betri katika simu hupanga programu kuanzia inayokula chaji nyingi hadi inayokula kidogo. Orodha hiyo husomwa vibaya mara nyingi, kwa kuwa programu iliyo juu si lazima iwe ndiyo ya kuzuiwa. Huenda imeongoza kwa sababu mwenye simu ameitazama kwa saa mbili, na hapo hakuna siri: chaji imetumika mbele ya macho yake. Nyingine inaweza kuwa nafasi ya tatu huku ikifanya kazi mfukoni, skrini ikiwa imezimwa. Hiyo ya pili ndiyo iliyobeba chaji inayoweza kuokolewa bila mtu kupunguza matumizi yake.

Swali la programu ipi izuiwe huwafikia mafundi wa simu wa Nakuru kila siku, mara nyingi kwa njia ya picha za skrini zilizotumwa kwa WhatsApp. Mfano unaofuatwa hapa ni wa simu ya mwendesha bodaboda anayefanya kazi kati ya Njoro na mjini Nakuru. Tarakimu zake ni za kielelezo, zimechaguliwa ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Katika simu nyingine mpangilio wa programu unaweza kuwa tofauti kabisa, lakini njia ya kukokotoa haibadiliki.

Picha tatu zinazohitajika

Katika simu nyingi za Android, ukurasa unaotafutwa hupatikana kwa kufungua `Settings`, kisha `Battery`, kisha `Battery usage`. Majina hutofautiana kidogo kati ya Samsung, Tecno, Infinix na Redmi, lakini neno `Battery` huwa halikosekani. Picha hupigwa kwa kubonyeza pamoja kitufe cha kuwasha na kile cha kupunguza sauti.

Picha ya kwanza ni ya ukurasa mkuu wa betri, inayoonyesha asilimia iliyobaki, saa iliyo juu ya skrini na mchoro wa jinsi chaji ilivyoshuka. Picha ya pili ni ya orodha ya programu na asilimia zake. Ya tatu ni ya ukurasa wa programu moja moja, unaofunguka programu ikiguswa katika orodha. Hapo ndipo muda wa skrini na muda wa `Background`, yaani kazi ya chinichini, huonyeshwa kila mmoja peke yake. Programu nne au tano za juu zinatosha, na kila moja hupigwa picha yake. Bila picha hizi za mwisho, yanayosemwa kuhusu akiba ni ya kubahatisha tu.

Picha hupigwa jioni, baada ya siku nzima ya kazi, simu ikiwa haijachomekwa tena tangu asubuhi. Picha iliyopigwa saa moja baada ya kuchaji huonyesha kipande kidogo cha siku, na programu iliyofunguliwa mara moja tu inaweza kuonekana kama jambazi. Kabla ya kuzituma, ni vyema kufuta arifa zilizo juu ya skrini, kwa kuwa ujumbe wa M-Pesa wenye salio unaweza kuingia katika picha pasipo mtu kukusudia.

Asilimia ni za nini?

Kosa kubwa kuliko yote hutokea hapa. Programu ikiandikiwa 20%, maana yake inaweza kuwa moja kati ya mbili. Katika simu nyingine ni asilimia 20 ya betri nzima. Katika nyingine ni asilimia 20 ya chaji iliyokwisha kutumika, hata kama iliyotumika ni nusu tu ya betri. Mtu aliyechanganya maana hizi mbili anaweza kukosea kwa nusu au zaidi.

Njia ya kujua ni kujumlisha. Asilimia za programu zote, pamoja na zile za mfumo, huongezwa pamoja. Jumla ikikaribia 100, asilimia hizo ni mgawo wa chaji iliyotumika. Jumla ikikaribia kiasi ambacho betri imeshuka, kwa mfano 78, basi ni asilimia za betri yenyewe. Katika simu nyingi mpya, orodha ya mfumo hufichwa nyuma ya menyu ndogo iliyoandikwa `View by systems`, nayo inapaswa kufunguliwa na kuhesabiwa pia.

Ili kuepuka utata, mwongozo huu unatumia neno pointi kwa asilimia moja ya betri nzima. Simu iliyoshuka kutoka 100 hadi 22 imetumia pointi 78. Mgawo wowote wa orodha hugeuzwa kuwa pointi kwa kuuzidisha na pointi zilizotumika, kisha kugawanya kwa 100.

Mfano: simu ya bodaboda

Simu ina betri ya mAh 5000, kipimo cha kawaida katika simu za bei ya kati zinazouzwa nchini Kenya. Ilichomolewa kwenye chaja saa kumi na mbili asubuhi ikiwa na 100%. Picha zilipigwa saa kumi na mbili jioni, ikiwa imebaki 22%. Imetumia pointi 78 kwa saa 12, yaani pointi 6.5 kwa saa. Picha ya pili na ya tatu zinaonyesha haya:

- TikTok 24%: skrini saa 1 na dakika 50, chinichini dakika 2.
- Programu ya kupokea abiria 22%: skrini dakika 40, chinichini saa 7 na dakika 30.
- Facebook 14%: skrini dakika 20, chinichini saa 3 na dakika 10.
- WhatsApp 12%: skrini saa 1 na dakika 10, chinichini dakika 35.
- Mtandao wa simu 11%.
- Kivinjari 4%.
- Mengineyo, madogo madogo, 13%.

Jumla ni 100, kwa hiyo hizi ni migawo ya pointi 78. TikTok imetumia takriban pointi 19, programu ya abiria pointi 17, Facebook pointi 11, WhatsApp zaidi kidogo ya pointi 9, na mtandao wa simu karibu pointi 9.

Katika simu hii hakuna mstari wa `Screen` unaojitegemea, kwa hiyo mwanga wa skrini umegawiwa programu zilizokuwa zikitazamwa. Pale ambapo mstari huo upo, chaji ya skrini haimo ndani ya programu, na kila programu itaonekana nyepesi kuliko ilivyo. Ni jambo la kuangaliwa mapema, maana ndilo linaloamua jinsi hesabu inayofuata itakavyosomwa.

Kutenganisha skrini na chinichini

Orodha hutoa dakika za skrini na dakika za chinichini, lakini katika simu nyingi chaji hutajwa kwa jumla tu. Kugawanya chaji kwa kufuata dakika ni kosa, kwa sababu dakika moja ya video yenye skrini inayong'aa hula mara kadhaa zaidi ya dakika moja ya kazi ya chinichini. Panahitajika kipimo cha gharama ya skrini, nacho hutolewa na programu ambayo karibu muda wake wote ulikuwa mbele ya macho.

Hapa programu hiyo ni TikTok. Imetumia pointi 19 kwa dakika 110, na chinichini haikufanya karibu chochote. Saa moja ya kuitazama inagharimu pointi 10 hivi. WhatsApp, yenye maandishi mengi kuliko video, haizidi pointi 8 kwa saa hata kama chaji yake yote itahesabiwa kuwa ya skrini. Kwa hiyo gharama ya skrini katika simu hii ni kati ya pointi 8 na 10 kwa saa.

Sasa Facebook. Dakika zake 20 za skrini, zikihesabiwa kwa kiwango cha juu cha pointi 10 kwa saa, ni pointi 3.5 hivi. Zimebaki pointi 7.5 katika zile 11, na hizo ndizo zilizotumika chinichini kwa saa 3 na dakika 10. Kuchukua kiwango cha juu cha skrini ni tahadhari ya makusudi: sehemu ya chinichini haipandishwi kupita kiasi, na akiba haiahidiwi zaidi ya ilivyo.

Hesabu hiyo hiyo ikirudiwa kwa TikTok, sehemu ya chinichini ni karibu sifuri. Kuizuia hakutaokoa kitu, ingawa ndiyo iliyo juu ya orodha. Kinachoweza kupunguza chaji yake ni mwenye simu kuitazama kwa muda mfupi zaidi: nusu saa ikipunguzwa kwa siku, pointi 5 hubaki kwenye betri. Huo ni uamuzi wa mtu, nao haufanywi na kitufe cha simu.

Programu ya abiria inasomwa kwa uangalifu zaidi. Dakika zake 40 za skrini ni kama pointi 7, na pointi 10 zilizobaki ni za chinichini, nyingi kuliko za Facebook. Chanzo chake ni kwamba inasoma mahali pikipiki ilipo kwa mfululizo na kubaki imeungana na mtandao ili ombi la abiria lifike mara moja. Ikizuiwa, betri itapumua lakini wateja hawataonekana. Chaji hiyo haikupotea. Ndiyo iliyoleta kazi.

Kukadiria akiba

Programu ya kuzuiwa, basi, ni Facebook, na kikomo cha juu cha akiba ni zile pointi 7.5. Haifai kuahidi zote. Programu iliyozuiwa chinichini huacha kuchukua picha na habari mpya ikiwa mfukoni, lakini ikifunguliwa hulazimika kuzipakua zote kwa mpigo, na sehemu ya chaji iliyookolewa hurudi hapo. Kadirio la busara ni kati ya nusu na yote, yaani pointi 4 hadi 7.5 kwa siku ya saa 12.

Pointi hugeuzwa kuwa saa, kwa kuwa saa ndizo mwenye simu anazozielewa. Kabla ya kuzuia, betri iliyojaa ingedumu saa 15 na dakika 25 hivi: 100 ikigawanywa kwa 6.5. Pointi 4 zikiokolewa, matumizi ya siku hushuka kutoka 78 hadi 74, kasi inakuwa pointi 6.2 kwa saa, na betri itadumu zaidi kidogo ya saa 16. Pointi 7.5 zikiokolewa, matumizi ni 70.5, kasi ni pointi 5.9 kwa saa, na betri itadumu kama saa 17. Faida ni kati ya dakika 45 na saa moja na nusu. Kwa mwendesha bodaboda anayemaliza kazi usiku, huo ndio muda wa kumfikisha mteja wa mwisho simu ikiwa bado inawaka.

Akiba hiyo isichukuliwe kuwa ya fedha za umeme. Betri ya mAh 5000 hubeba takriban saa-wati 19, na kuijaza nyumbani hakufiki shilingi moja ya token. Faida iko katika muda ambao simu inabaki hai mbali na soketi, na katika pesa zisizolipwa kibandani kwa kuchajiwa.

Kuizuia, na zisizofaa kuzuiwa

Katika simu za Android, programu huguswa ndani ya orodha ya betri, kisha huchaguliwa `Restricted` badala ya `Optimized` au `Unrestricted`. Katika Android 14 panaweza kuonekana kitufe cha `Allow background usage`, ambacho huzimwa. Simu za Samsung zina ukurasa uitwao `Background usage limits`, na programu iliyowekwa katika `Deep sleeping apps` hufanya kazi inapofunguliwa tu. Kwenye iPhone, njia iliyo karibu zaidi ni kuzima `Background App Refresh` kwa programu husika.

Kuzuia si sawa na kuisukuma programu itoke katika orodha ya zilizofunguliwa karibuni. Programu iliyotolewa hivyo inaweza kujiamsha tena baada ya muda mfupi, na kuanza upya kunakula chaji nyingi kuliko kurejea pale ilipoachwa.

WhatsApp ikizuiwa, ujumbe unaweza kuchelewa hadi ifunguliwe. `Google Play services` isiguswe: hupokea arifa na kusoma mahali simu ilipo kwa niaba ya programu nyingine, na ikionekana kula chaji nyingi, mara nyingi kuna programu nyingine inayoituma. Programu ya M-PESA inaweza kuzuiwa bila hofu ya kukosa taarifa ya malipo, kwa sababu taarifa hiyo huja kwa SMS, ambayo haitegemei programu hiyo.

Mtandao hafifu katika orodha

Mstari wa mtandao wa simu, wenye pointi karibu 9 katika mfano, hauwezi kuzuiwa kama programu. Simu iliyo mbali na mnara, au iliyokingwa na kilima, huongeza nguvu ya kutuma mawimbi na kutafuta mnara tena na tena. Katika Bonde la Ufa hali hii hufuata umbo la ardhi. Siku ya kuteremka bonde la Subukia au kupanda kuelekea Mau Narok inaweza kula chaji nyingi kuliko siku ya mjini Nakuru, hata kama programu zilizotumika ni zile zile.

Hutambuliwa kwa kulinganisha picha za siku mbili. Mstari wa mtandao ukipanda siku ya safari na kushuka siku ya mjini, chanzo ni mawimbi. Ukibaki juu siku zote mbili, inafaa kutafuta programu inayotuma data bila kukoma. Mahali pasipo na mtandao kabisa, hali ya ndegeni huokoa chaji ambayo ingepotea kwa kutafuta mnara usiopatikana.

Kuthibitisha kwa jaribio la usiku

Kadirio linabaki kadirio hadi lipimwe. Jaribio rahisi ni la usiku. Mwenye simu hutoka katika programu ya abiria, huandika asilimia ya betri saa nne usiku, huiacha simu bila kuigusa wala kuichaji, kisha huandika tena saa kumi na mbili asubuhi. Hufanya hivyo usiku mmoja kabla ya kuizuia programu na usiku mmoja baada ya kuizuia, simu ikiwa mahali pale pale.

Tuseme usiku wa kwanza simu ilishuka pointi 13 na usiku wa pili pointi 9. Pointi 4 kwa saa 8 ni nusu pointi kwa saa, sawa na pointi 6 kwa saa 12. Zinaangukia ndani ya kadirio la 4 hadi 7.5, kwa hiyo hesabu imesimama. Tofauti ikiwa pointi moja au hakuna kabisa, programu iliyozuiwa haikuwa yenye kosa, na inayofuata kwa muda wa chinichini ndiyo ya kuchunguzwa. Simu iliyotulia kwa kawaida hushuka pointi moja kwa saa au chini ya hapo. Inayozidi sana kiwango hicho usiku bado ina programu iliyo macho.

Jaribio hili lina mpaka wake. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu huingia katika usingizi mzito wa kuokoa chaji uitwao Doze, lakini usingizi huo huhitaji simu iwe imelala mahali pamoja bila kutikisika. Simu iliyo juu ya meza usiku huupata. Iliyofungwa kwenye usukani wa pikipiki kutoka Njoro hadi Nakuru haiupati, kwa hiyo mchana programu za chinichini hupata nafasi kubwa zaidi ya kufanya kazi. Jaribio la usiku kwa hiyo huelekea kuonyesha akiba ndogo kuliko ya mchana. Kipimo cha mwisho ni siku mbili za kazi zinazofanana, moja kabla na moja baada, zikilinganishwa kwa pointi za kila saa.

Betri yenyewe nayo huzeeka. Iliyotumika kwa miaka kadhaa haibebi tena mAh 5000 zilizoandikwa juu yake, na pointi moja ya leo ni ndogo kuliko pointi moja ya simu ikiwa mpya. Ikiwa picha zinaonyesha kuwa hakuna programu yenye saa nyingi za chinichini, mtandao uko sawa, na bado chaji haifiki jioni, kuzuia programu hakutaleta nafuu. Simu hiyo inahitaji betri mpya.